Kikopo cha Jumatatu na Kikopo cha Jumamosi

Tuseme mgonjwa wetu ni mama muuza vitumbua wa Mwanza. Wiki ya tatu sasa choo chake ni laini, cha rangi hafifu, chenye mafuta mafuta na harufu kali kuliko kawaida. Tumbo linajaa gesi tangu asubuhi, anabeua harufu ya yai viza, na nguo zimeanza kumpwaya. Hana homa wala haoni damu. Daktari anamsikiliza, anashuku giadia, anamwandikia kipimo cha choo. Jumatatu mama anapeleka kikopo maabara, na kabla ya adhuhuri anapewa karatasi: hakuna vimelea vilivyoonekana. Daktari anaisoma, anaiweka kando, anamwambia alete choo kingine Jumatano.

Hapo wengi hukunja uso. Kama kipimo kimesema hakuna, cha nini kurudia? Wapo wanaoamini maabara inatafuta fedha ya pili, na wapo wanaotoka mlangoni moja kwa moja hadi duka la dawa kununua metronidazo. Sababu ya kurudia haimo kwenye mfuko wa maabara. Imo katika mambo mawili: udogo wa kile kinachowekwa chini ya hadubini, na tabia ya kimelea chenyewe.

Tuanze na udogo. Mtaalamu wa maabara hapimi kikopo chote. Anachukua kinyesi kwa ncha ya kijiti, kiasi cha miligramu 2 hivi, anakikoroga ndani ya tone la maji ya chumvi kwenye slaidi, anafunika kwa kipande chembamba cha kioo, na kusoma. Mchanganyiko ukiwa sawa, maandishi ya gazeti husomeka kupitia slaidi hiyo. Ukiwa mzito zaidi, uchafu unaficha vimelea, na ukiwa mwepesi mno hakuna cha kutafuta. Sasa, mtu mzima akitoa gramu 200 za choo kwa siku, miligramu 2 ni sehemu moja kati ya laki moja ya choo hicho. Ikiwa kila gramu ina sisti 200 za giadia, kwenye slaidi tunategemea kukuta wastani wa sisti 0.4, yaani pungufu ya moja. Ukitengeneza slaidi kumi kutoka kikopo hichohicho, karibu saba hazitakuwa na hata sisti moja. Mtaalamu atakuwa amefanya kazi yake vizuri, jicho lake halijakosea, na mgonjwa bado ana giadia.

Ndiyo maana maabara zenye mashine ya kuzungusha mirija hazitegemei tone peke yake. Huchukua gramu moja ya kinyesi, huichanganya na mililita 7 za fomalini ya asilimia 10, huichuja kwa shashi, kisha huongeza mililita 3 za etha na kutikisa kwa nguvu. Mrija ukishazungushwa, vilivyomo hujitenga tabaka nne: etha juu, chini yake gamba la mafuta na takataka, halafu fomalini, na kwenye kitako mashapo kidogo. Sisti ni nzito, hivyo huzama kwenye mashapo hayo. Mashapo ndiyo yanayosomwa. Badala ya kupepesa macho juu ya miligramu 2, mtaalamu anasoma kilichokusanywa kutoka gramu nzima. Nikiulizwa mgonjwa aulize swali gani moja maabara, nitasema aulize kama choo chake kilisomwa kwa tone tu au kiliwekwa pia kwenye mashine, kwa sababu majibu hayo mawili hayana uzito sawa hata kama karatasi zimeandikwa maneno yaleyale.

Lakini mashine haiwezi kukusanya kisichokuwapo. Hili ni jambo la pili, nalo ndilo linalomrudisha mama Jumatano.

Giadia hai huishi kwenye utumbo mwembamba wa juu, karibu na tumbo la chakula. Ina umbo la peasi, upande mmoja una kama kisahani cha kujishikiza, na hujibandika kwenye ukuta wa utumbo ikila na kujigawa. Ikiwa imejibandika huko, haionekani kwenye choo. Zile zinazoachia na kusukumwa chini hukutana na nyongo na mazingira mengine yanayozifanya zijifunge ndani ya ukuta mgumu, na kwa umbo hilo, ndilo sisti, hutoka na choo zikiwa tayari kuvumilia maji baridi kwa wiki nyingi na kuingia kinywani mwa mtu mwingine. Kazi hii haiendi kwa kasi moja. Siku fulani sisti humiminika, siku nyingine hazipo kabisa, na mgonjwa hana dalili ya kumwambia leo ni siku gani. Mwaka 1975 watafiti Danciger na Lopez walihesabu giadia kwenye vinyesi vya watoto walioambukizwa, wakawakuta wa namna tatu. Wapo waliotoa vimelea vingi karibu kila walipoenda choo. Wapo waliotoa vichache tu, na vyoo vyao vingi havikuwa na kitu cha kuonekana. Na wapo waliokuwa na kipindi cha vingi kikifuatwa na kipindi cha vichache. Wote hao walikuwa wagonjwa.

Kuna na jambo la mwanzo wa ugonjwa. Tangu mtu ameze sisti hadi za kwake zianze kutoka hupita wiki moja hadi mbili, na kuhara kunaweza kutangulia. Mtu akikimbilia maabara siku ya pili ya kuharisha anaweza kurudi na karatasi safi kwa sababu tu utumbo wake bado haujaanza kutoa.

Basi daktari anapotaka vikopo vitatu, anataka vya siku tofauti, kwa kawaida siku moja ikirukwa katikati, na vyote ndani ya siku 10. Vikopo vitatu vya asubuhi moja havisaidii sana, maana kama ni siku ya ukame vyote vitatu vitakuwa vikavu. Tukichukua kwamba choo kimoja kinaikamata giadia kwa wagonjwa 6 kati ya 10, wanne wanaponyoka. Choo cha pili cha siku nyingine, kikiwa na uwezo huohuo, kinakamata zaidi ya nusu ya hao wanne. Cha tatu kinakamata zaidi ya nusu ya waliobaki, na katika wagonjwa 100 wataponyoka kama 6. Hesabu hii ni ya ukarimu kidogo, kwa kuwa yule anayetoa sisti chache leo huenda akatoa chache keshokutwa pia, lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Inaonyesha pia kwa nini watu huishia kwenye kikopo cha tatu: cha nne na cha tano huongeza kidogo kuliko gharama na usumbufu wake.

Jumatano mama anarudi. Kijana wa maabara anamwamkia, anapokea kikopo, anauliza amekitoa saa ngapi.

"Alfajiri, mwanangu, kabla ya kukanda unga. Ila nilikipitisha sokoni kwanza."

"Ni saa nne sasa, mama. Siku nyingine kikishatoka kije huku kwanza, soko lisubiri."

Je, alikuwa na haki ya kulalamika? Inategemea choo kilivyokuwa. Kinyesi kigumu hubeba sisti, na sisti husubiri. Hata kikikaa hadi mchana mahali pa baridi bado zitaonekana. Choo cha maji ni habari nyingine. Chakula na maji vinapopita haraka utumboni, kimelea hakipati muda wa kujifunga, kinatoka kikiwa hai na uchi, na kikishatoka mwilini hufa na kusambaratika upesi. Kwa hiyo choo cha maji kinatakiwa kisomwe ndani ya nusu saa, na kile laini ndani ya saa moja. Giadia hai chini ya hadubini huyumba na kujipindua kama jani linaloanguka, na mtaalamu aliyeiona mara moja haisahau. Ikishakufa, hakuna kuyumba, na inabaki doa kati ya madoa. Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyetengeneza lenzi zake mwenyewe, aliandika mwaka 1681 kuhusu vijidudu alivyoviona kwenye kinyesi chake siku alizokuwa akiharisha, na maelezo yake huaminika kuwa ya giadia. Alikuwa na bahati ya kuwa mgonjwa, mtaalamu na maabara kwa pamoja, choo hakikusafiri.

Choo cha mama kilikuwa laini, si maji, na kilikuwa na umri wa saa nne. Hakikuwa kibovu kwa kutafuta sisti, lakini kama kulikuwa na giadia hai, zilishapotea. Jibu la Jumatano likatoka kama la Jumatatu.

Mambo mengine ya kikopo ni madogo lakini huharibu kazi. Choo kisiokotwe ndani ya sinki wala kwenye shimo, kwa sababu maji na udongo vina vijidudu vyao vinavyojiendea, na mkojo huua vimelea hai. Kitolewe juu ya karatasi safi au chombo kikavu, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kihamishiwe kwenye kikopo kikavu chenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Kama kuna sehemu yenye ute au damu, hiyo ndiyo ichukuliwe kwanza. Kubwa kuliko yote ni dawa. Metronidazo, tetrasaiklini na viuavijasumu vingine hupunguza vimelea kiasi cha kutoonekana bila lazima kuvimaliza, na baada ya kuzitumia inafaa kusubiri wiki mbili kabla ya kupima. Dawa za kupunguza asidi, za kufunga kuharisha na zile za mafuta za kulainisha choo nazo huchafua slaidi, na ile dawa nyeupe ya bariamu inayonyweshwa kabla ya picha za eksirei huzuia usomaji kwa siku 7 hadi 10. Mama wa vitumbua alikaribia kujiharibia hapo. Jumanne jirani alimpa vidonge vinne vya metronidazo vilivyobaki nyumbani kwake. Angevimeza, vikopo viwili vilivyofuata vingekuwa na nafasi kubwa ya kutoonyesha kitu, na vidonge vinne visingetosha kumponya.

Jumamosi alipeleka kikopo cha tatu, kikiwa na umri wa dakika arobaini. Mtaalamu alitengeneza madoa mawili kwenye slaidi moja: la maji ya chumvi, na la aidini. La chumvi ni la kuona vinavyotembea. La aidini huua vilivyo hai lakini hupaka sisti rangi ya manjano na kuonyesha viini vyake vya ndani, ambavyo bila rangi havionekani vizuri. Anapita slaidi yote kwa lenzi ya kukuza kidogo, mstari kwa mstari, na kila anapotilia shaka anageuza lenzi ya nguvu zaidi. Kwenye aidini alikuta maumbo ya yai, urefu wa mikromita 12 hivi, mikromita moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Ndani yake viini vinne vimejikusanya upande mmoja, na nyuzi zinapita katikati kwa urefu. Hiyo ni sisti ya giadia, haina wa kufanana naye kwa mtu mwenye uzoefu. Alihesabu tano kwenye slaidi nzima. Kwa hesabu yetu ya mwanzo, hizo ni kama sisti 2,500 kwa kila gramu. Jumatatu na Jumatano huenda zilikuwa 100, au hazikuwapo.

Kwa amiba mambo yamegeuka. Giadia shida yake ni kutoonekana. Amiba shida yake kubwa, katika maabara nyingi za mitaani, ni kuonekana kupita kiasi. Chembe nyeupe za damu, hamira na matone ya mafuta vyote ni vya mviringo, na jicho lililochoka au lililokwishaambiwa "huyu ana amiba" huvipa jina. Lakini hata jicho zuri kabisa lina mpaka wake. Amiba anayekula ukuta wa utumbo na kusababisha kuhara damu ni Entamoeba histolytica. Sisti yake ni ya mviringo, mikromita 10 hadi 20, yenye viini visivyozidi vinne. Yupo mwenzake, Entamoeba dispar, anayeishi utumboni bila kumdhuru mtu, na sisti zao chini ya hadubini hazitofautiani kwa chochote. Émile Brumpt alidai mwaka 1925 kwamba ni viumbe wawili. Hakusikilizwa hadi kemia ya vinasaba ilipomthibitisha, na mwaka 1993 wakatenganishwa rasmi. Mwaka 1997 wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani wakashauri kwamba sisti za namna hiyo ziandikwe kwa majina yote mawili, na kwamba mtu asiye na dalili asipewe dawa kwa sababu tu ya kuonekana kwake. Kinachoweza kuondoa shaka chini ya hadubini ni kumkuta amiba hai mwenye chembe nyekundu za damu tumboni mwake, na huyo hupatikana kwenye choo kibichi cha damu na ute, ndani ya ile nusu saa.

Kwa amiba pia sisti hutoka kwa vipindi, kwa hiyo kanuni ya siku tatu inabaki. Ila ina ukingo mmoja hatari. Amiba anaweza kuhamia kwenye ini na kutengeneza jipu, mgonjwa akawa na homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, na choo chake kikawa safi mara tatu. Wengi wa wagonjwa wa jipu la ini hawana amiba wanaoonekana kwenye choo. Hapo kinachotafutwa ni picha ya altrasaundi na kipimo cha damu.

Vilevile vikopo vitatu si vya mtu anayeharisha damu akiwa na homa, wala vya mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Hao hawasubiri Jumamosi. Kuhara damu katika nchi zetu mara nyingi zaidi huletwa na bakteria wa shigela kuliko amiba, na daktari huanza na dawa ya shigela huku vipimo vikiendelea. Na kwa wenye upungufu wa kinga mwilini wanaoharisha muda mrefu, slaidi ya kawaida hata ikirudiwa mara tatu haimwonyeshi kriptosporidi, kimelea kidogo kinachohitaji rangi maalumu inayofanana na ile ya kupimia makohozi ya kifua kikuu. Maabara haitaipaka bila kuombwa. Daktari lazima aandike.

Siku hizi vipo vipimo vya kuchovya kama vile vya malaria, vinavyokamata protini za giadia hata sisti zikiwa chache, na vile vya vinasaba vinavyotenganisha amiba wawili wale. Panapopatikana, hupunguza safari za kikopo. Havioni zaidi ya kile vilichotengenezwa kukiona, wakati hadubini inaweza kukuta yai la safura au la kichocho ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta.

Mama wa vitumbua alipewa tinidazo, dozi moja ya gramu 2, baada ya chakula, na katazo la pombe kwa siku tatu. Ndani ya wiki cheuo kiliisha. Maziwa, hata hivyo, yaliendelea kumjaza gesi na kumlainisha choo kwa wiki kadhaa, naye akaja kuomba kipimo cha nne. Daktari hakuandika. Giadia huchubua sehemu ya utumbo inayosaga sukari ya maziwa, na sehemu hiyo huchukua muda kurudi hata kimelea kikishakufa. Alimshauri aache maziwa kwa mwezi mmoja kisha ajaribu tena. Akamwambia pia kuhusu karatasi ya mwanawe aliyokuja nayo, iliyoandikwa Entamoeba coli: huyo ni amiba mpangaji asiye na madhara, sisti yake ina viini hadi vinane, na mtoto, ambaye haumwi chochote, hahitaji dawa.